Fedha za leo au fedha za mwaka husika: kulinganisha mfumuko wa bei na kiwango cha punguzo katika mchanganuo wa mradi

Ukipewa mchanganuo wa mradi uukague, usianze na namba ya mwisho. Tazama kwanza mambo mawili: mstari wa mauzo, na kiwango cha punguzo kilichotumika, yaani asilimia ya mwaka inayotumika kushusha fedha za miaka ijayo kuwa thamani yake ya leo. Ukikuta mauzo yamesimama palepale tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, halafu kiwango cha punguzo kimetokana na riba ya benki, kuna uwezekano mkubwa kwamba mradi umeonewa. Ukikuta kinyume chake, yaani mauzo yanapanda kila mwaka kwa sababu ya bei tu, huku kiwango cha punguzo ni kidogo kuliko riba yoyote inayopatikana sokoni, basi mradi umependelewa.

Kosa ni moja katika hali zote mbili. Mfumuko wa bei umehesabiwa upande mmoja na kusahaulika upande wa pili. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulizuia kosa hilo, kisha unaingia kwenye sehemu mbili ambako hata wanaoijua kanuni huteleza: uchakavu wa kikodi, na fedha zilizoko mikononi mwa wateja.

## Hatua ya 1: Amua unahesabu kwa fedha zipi

Kuna namna mbili za kuandika fedha za miaka ijayo. Ya kwanza ni kuziandika kwa bei za leo, kana kwamba bei hazitapanda kamwe. Tukiziita *fedha za leo*, milioni 35 za mwaka wa nne zina maana ya uwezo wa kununua sawa na wa milioni 35 za sasa hivi. Ya pili ni kuandika kiasi kitakachoingia hasa kwenye akaunti siku hiyo ikifika, bei zikiwa zimeshapanda. Hizo tuziite *fedha za mwaka husika*.

Viwango vya punguzo navyo ni viwili. *Kiwango cha soko* ni kile kinachotajwa benki au kwenye hati fungani. Ndani yake mna fidia ya mfumuko wa bei, kwa kuwa anayekopesha anajua fedha zake zitarudi zikiwa zimepungua nguvu. *Kiwango halisi* ni kile kinachobaki fidia hiyo ikishaondolewa.

Kanuni yenyewe ni fupi: fedha za leo huenda na kiwango halisi, na fedha za mwaka husika huenda na kiwango cha soko. Andika uamuzi wako juu kabisa ya jedwali, kabla hujajaza namba hata moja, ili atakayekuja baada yako asilazimike kukisia.

Jambo hili lina uzito hata nje ya majedwali ya ofisini. Mwaka 1979 wachumi Franco Modigliani na Richard Cohn walitoa hoja kwamba wawekezaji wa soko la hisa la Marekani walikuwa wakipunguza faida halisi za kampuni kwa viwango vya soko vilivyojaa mfumuko, na hivyo kuzipa hisa bei ya chini kuliko thamani yake. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 36 nacho kinataka ulinganifu huohuo pale kampuni inapopima kama mali zake zimeshuka thamani.

## Hatua ya 2: Pata kiwango halisi kwa kugawanya

Uhusiano kati ya viwango hivi viwili unaitwa mlinganyo wa Fisher, kwa jina la mchumi wa Marekani Irving Fisher. Moja kuongeza kiwango cha soko ni sawa na moja kuongeza kiwango halisi, ikizidishwa kwa moja kuongeza mfumuko. Kwenye programu ya majedwali, kama kiwango cha soko kiko seli B1 na mfumuko uko B2, kiwango halisi ni:

```
=(1+B1)/(1+B2)-1
```

Chukua mfano tutakaokwenda nao hadi mwisho. Wenye mtaji wanataka asilimia 18.8 kwa mwaka, baada ya kodi, na mfumuko unaotarajiwa ni asilimia 8. Gawanya 1.188 kwa 1.08 unapata 1.10. Kiwango halisi ni asilimia 10.

Wengi hutoa tu: 18.8 kutoa 8, wanapata 10.8. Mfumuko ukiwa mdogo, kosa hilo haliui. Lakini chukua nchi yenye mfumuko wa asilimia 40 na kiwango cha soko cha asilimia 54. Kwa kutoa unapata 14, ilhali kwa kugawanya unapata 10. Tofauti hiyo inatosha kuzika mradi mzuri. Kwa kuwa kugawanya hakuna gharama yoyote ya ziada, sioni sababu ya kutoa hata pale ambapo tofauti ni ndogo.

Angalia pia kwamba mfumuko unaoingia kwenye hesabu hii ni ule unaotarajiwa katika miaka ya mradi, na katika sarafu ileile ya kiwango cha punguzo. Mfumuko wa mwaka jana ni kumbukumbu tu. Na kama kiwango chako kimetokana na mkopo wa dola, fidia iliyomo ndani yake ni ya mfumuko wa dola. Kuitumia kwa mauzo yaliyokuzwa kwa mfumuko wa sarafu ya nyumbani ni mchanganyiko uleule kwa sura nyingine.

## Hatua ya 3: Piga hesabu kwa njia zote mbili

Mradi wetu ni wa mashine moja ya milioni 100, inayolipwa leo yote. Itafanya kazi miaka minne na kuishia bila thamani. Kwa bei za leo, mauzo ni milioni 90 kwa mwaka na gharama za uendeshaji ni milioni 55, kwa hiyo ziada ni milioni 35. Kodi tuiweke pembeni kwanza. Bei zote tuchukulie zinapanda kwa asilimia 8, na fedha zinaingia mwisho wa kila mwaka. Kupunguza fedha kwa asilimia 10 ni kuzigawanya kwa 1.10 kwa kila mwaka unaosubiriwa, na kwa asilimia 18.8 ni kuzigawanya kwa 1.188 vivyo hivyo; kinachobaki ndicho thamani ya sasa.

| Mwaka | Fedha za leo | Thamani ya sasa kwa 10% | Fedha za mwaka husika | Thamani ya sasa kwa 18.8% |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 35.00 | 31.82 | 37.80 | 31.82 |
| 2 | 35.00 | 28.93 | 40.82 | 28.93 |
| 3 | 35.00 | 26.30 | 44.09 | 26.30 |
| 4 | 35.00 | 23.91 | 47.62 | 23.91 |

Safu ya tatu na ya tano zinafanana mstari kwa mstari. Zote mbili zinajumlika kuwa milioni 110.95 hivi, na ukiondoa milioni 100 za mashine inabaki thamani ya sasa neto ya karibu milioni 10.9. Haikutokea kwa bahati. Kila mwaka umezidisha fedha kwa 1.08, kisha ukazidisha kigawanyo kwa 1.08 hiyohiyo, na zimefutana.

Kwenye jedwali la kompyuta, hesabu yote ni mstari mmoja. Kiwango kikiwa B1, mtaji wa kuanzia ukiwa B5 kwa alama ya kutoa, na miaka minne ikiwa C5 hadi F5:

```
=NPV(B1,C5:F5)+B5
```

Mtaji wa leo unakaa nje ya mabano, kwa sababu kanuni ya `NPV` inaanza kupunguza tangu namba ya kwanza inayopewa. Ukiuingiza ndani, kila kitu kitasogea mwaka mmoja mbele, na utakuwa na kosa jingine lisilohusiana na mfumuko.

Sasa changanya makusudi uone. Chukua milioni 35 zilizosimama na uzipunguze kwa asilimia 18.8. Jumla inashuka hadi milioni 92.7, na mradi uliokuwa na ziada ya 10.9 unaonyesha hasara ya 7.3. Umeutoza mradi mfumuko bila kuupa nafasi ya kupandisha bei. Kisha geuza: chukua fedha za mwaka husika uzipunguze kwa asilimia 10. Jumla inapanda hadi milioni 133.8, na ziada inakuwa karibu 33.8, mara tatu ya ile ya kweli.

Kosa la pili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linapitisha miradi mibovu. Kama ziada ya mwaka ingekuwa milioni 29 badala ya 35, mradi huu ungekuwa na hasara ya kama milioni 8. Kwa mchanganyiko wa aina ya pili ungeonyesha faida ya karibu 11, na kamati ingeupitisha kwa furaha. Kosa la kwanza linakunyima fursa. La pili linachukua mtaji wako.

Miradi mirefu inaumia zaidi. Tuseme ziada ya milioni 35 ingeendelea bila kikomo. Kwa fedha za leo thamani yake ni 35 gawanya kwa 0.10, yaani milioni 350. Kwa fedha za mwaka husika, mwaka wa kwanza ni 37.8 na ukuaji ni asilimia 8, hivyo unagawanya 37.8 kwa 0.188 kutoa 0.08, na 350 inarudi ileile. Lakini anayegawanya 35 kwa 0.188 anapata milioni 186 tu. Karibu nusu ya thamani imepotea kwa sababu ya kutolinganisha. Kwa hiyo kila mchanganuo wenye thamani ya mwisho ya aina hii ukaguliwe hapo kwanza: ukuaji uliowekwa ni wa bei, wa wingi, au wa vyote viwili?

## Hatua ya 4: Tenga vitu ambavyo haviendi na mfumuko wa jumla

Hadi hapa tumechukulia kila bei inapanda kwa asilimia 8. Ingekuwa hivyo siku zote, mtu angechagua njia yoyote na kulala salama. Lakini mishahara inaweza kupanda haraka kuliko bei nyingine, na mkataba wa mauzo unaweza kufunga bei kwa miaka yote minne.

Kwa fedha za mwaka husika, jambo hili halina utata: kila mstari unaukuza kwa kasi yake. Kwa fedha za leo, unahitaji kuweka ile tofauti tu kati ya kasi ya kitu hicho na mfumuko wa jumla, nayo pia hupatikana kwa kugawanya. Tuseme gharama zetu za milioni 55 zinapanda kwa asilimia 10 kwa mwaka huku mauzo yakipanda kwa 8. Gawanya 1.10 kwa 1.08, unapata 1.0185. Kwa fedha za leo, gharama zinakua kwa asilimia 1.85 kila mwaka, na kufikia mwaka wa nne zimekuwa milioni 59.2. Ziada imeshuka kutoka 35 hadi 30.8. Thamani ya sasa neto ya mradi, bado kabla ya kodi, inashuka kutoka milioni 10.9 hadi kama 3.1.

Anayetumia fedha za leo na kuacha mstari wa gharama umesimama palepale hajakosea kuhusu mfumuko wa jumla. Amesahau kwamba gharama zake zinakimbia kuliko bei zake. Hili ndilo eneo ambalo njia ya fedha za leo humdanganya mtu kimyakimya, kwani jedwali linaonekana safi na namba zote zimepangwa vizuri.

Kwa mkataba wa bei iliyofungwa, mambo yanageuka. Kwa fedha za mwaka husika mstari wa mauzo unasimama palepale, na hapo ni sahihi. Kwa fedha za leo mauzo yanapungua kwa asilimia 7.4 kila mwaka, kwa kuwa 1 gawanya kwa 1.08 ni 0.926. Kwa hiyo ukikuta mauzo yaliyosimama, usiseme kosa moja kwa moja. Uliza kwanza kama kuna mkataba.

Na jambo moja linalochanganya watu: unaporudisha fedha za mwaka husika kuwa fedha za leo, gawanya kila mstari kwa mfumuko wa jumla, ule uleule uliotumia kupata kiwango halisi. Usigawanye mishahara kwa kasi ya mishahara. Ukifanya hivyo utaifuta ile tofauti uliyokuwa ukiitafuta.

## Hatua ya 5: Uchakavu wa kikodi, mahali njia mbili zinapoachana

Sasa tulete kodi, asilimia 30 ya faida. Turudi kwenye mfano wa awali ambao bei zote zinapanda kwa asilimia 8. Tuseme sheria inaruhusu mashine ichakazwe kwa usawa kwa miaka minne: milioni 25 kila mwaka zinatolewa kwenye faida kabla ya kodi. Kila mwaka unaokoa kodi ya asilimia 30 ya 25, yaani milioni 7.5.

Hapa pana jambo la kukaa nalo. Hizo milioni 25 zimetokana na bei uliyonunulia mashine, na katika mifumo mingi ya kodi haziongezwi bei zinapopanda. Mauzo yako ya mwaka wa nne yatakuwa makubwa kwa sababu ya mfumuko, na kodi yake itakuwa kubwa vilevile, lakini nafuu ya uchakavu itabaki milioni 7.5 kwa tarakimu. Hivyo hiyo 7.5 ni fedha ya mwaka husika kwa asili yake, hata ukiikuta imekaa ndani ya jedwali la fedha za leo.

Anza na njia ya fedha za mwaka husika. Milioni 7.5 kwa miaka minne, zikipunguzwa kwa asilimia 18.8, zina thamani ya sasa ya milioni 19.87. Ziada ya uendeshaji baada ya kodi, kwa fedha za leo, ni asilimia 70 ya 35, yaani 24.5 kwa mwaka, na thamani yake ya sasa ni 77.66 kwa njia yoyote ile. Jumlisha, ondoa milioni 100: mradi una hasara ya karibu milioni 2.5.

Mtu wa fedha za leo asiyekuwa mwangalifu anaweka 24.5 na 7.5 kwenye mstari mmoja, anapata 32 kwa kila mwaka, na anapunguza kwa asilimia 10. Jumla yake ni 101.4. Mradi unaonyesha faida ya milioni 1.4, na unapita. Kiwango chake ni sahihi, mauzo yake ni sahihi, gharama zake ni sahihi. Mstari mmoja tu ndio uliobeba fedha za aina nyingine, na umetosha kugeuza uamuzi.

Dawa yake ni kuushusha mstari huo kwa mfumuko kabla ya kuutia kwenye jedwali la fedha za leo. Mwaka wa kwanza 7.5 gawanya kwa 1.08 ni 6.94. Wa pili ni 6.43, wa tatu 5.95, na wa nne 5.51. Zipunguze hizo kwa asilimia 10, jumla ni 19.87, na hasara ya milioni 2.5 inarudi ileile. Njia zote mbili zimekubaliana tena.

Kama sheria ya kodi ya mahali ulipo inaruhusu gharama yote ya mashine itolewe mwaka wa kwanza, athari hii inapungua, kwani nafuu inafika kabla mfumuko haujaila sana. Kadiri miaka ya uchakavu inavyorefuka ndivyo athari inavyokua. Majengo yanaumia kuliko mashine.

## Hatua ya 6: Fedha zilizoko kwa wateja

Mradi ukiuza kwa mkopo, sehemu ya mtaji inakaa nje kama madeni ya wateja. Tuseme kwa mauzo yetu madeni hayo ni milioni 10 kwa bei za leo, yanaanza tangu mwanzo, na yatakusanywa yote mwaka wa nne.

Mchanganuo mwingi wa fedha za leo unaandika kutoa 10 mwanzoni na kuongeza 10 mwishoni. Gharama yake ya kusubiri, kwa asilimia 10, ni milioni 3.2 hivi. Inaonekana sawa, kwani wingi wa mauzo haujabadilika.

Lakini fuata fedha zenyewe. Bei zinapopanda kwa asilimia 8, ankara za wateja nazo zinakuwa kubwa, na deni lililoko nje linakua kutoka 10 hadi 10.8, kisha 11.66, kisha 12.60. Kila ongezeko ni fedha ambazo hazikuingia: 0.80 mwaka wa kwanza, 0.86 wa pili, 0.93 wa tatu. Mwaka wa nne unakusanya 12.60. Punguza zote kwa asilimia 18.8, na gharama ni milioni 5.5, si 3.2.

Zile milioni 2.3 zimekwenda wapi? Zimebaki kwa wateja. Anayekulipa baadaye kiasi kilekile cha tarakimu amekulipa pungufu. Kwa fedha za leo, andiko sahihi ni hili: 10 zinatoka mwanzoni, 0.74 zinatoka kila mwaka wa kwanza hadi wa tatu ili kuziba nguvu iliyopotea, na mwaka wa nne zinarudi 9.26. Ukizipunguza kwa asilimia 10 unapata 5.5 ileile. Ukiziongeza kwenye hesabu ya baada ya kodi, hasara ya mradi inafika karibu milioni 8.

Bidhaa zilizoko ghalani zina tabia tofauti, kwani bei yake inapanda pamoja na nyingine na utaikuta kwenye mauzo. Usizijumuishe na madeni ya wateja katika mstari mmoja.

## Hatua ya 7: Chagua njia inayoendana na swali

Kwa kampuni inayolipa kodi na kukopa benki, mimi napendekeza fedha za mwaka husika bila kusita. Kodi hulipwa kwa fedha za mwaka husika, uchakavu uko hivyo, mkataba wenye bei iliyofungwa uko hivyo, na marejesho ya mkopo yako hivyo. Ukitumia fedha za leo utalazimika kuvishusha vyote kimoja baada ya kingine, na kila kimoja ni nafasi ya kusahau. Tena, mpango wa kulipa mkopo hauwezi kupimwa kwa fedha za leo hata kidogo. Mfumuko ukiwa mkubwa, riba ya tarakimu nayo ni kubwa, na mzigo wake hulemea zaidi miaka ya mwanzo kabla mauzo hayajapanda. Mradi wenye thamani nzuri ya sasa unaweza kukosa fedha za kulipa awamu ya pili.

Kwa mradi wa umma, kama barabara au maji, ambako faida nyingi ni muda uliookolewa na afya, na kodi haiko kwenye hesabu, fedha za leo ni rahisi na wazi zaidi. Viwango vinavyotolewa na serikali kwa kazi hiyo mara nyingi ni halisi. Hazina ya Uingereza, kwa mfano, imetumia asilimia 3.5 tangu 2003, na waraka A-94 wa serikali ya Marekani wa 1992 uliweka asilimia 7. Zote mbili ni halisi. Mtu anayechukua kiwango kama hicho na kukitia kwenye jedwali la bei zinazopanda anarudia lile kosa la kupendelea mradi, na kwa miaka 30 au 40 ya barabara matokeo yake huwa makubwa mno.

## Hatua ya 8: Ujaribu mchanganuo kwa kubadilisha mfumuko

Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote, na linachukua dakika chache. Weka kiwango halisi kama ingizo lililosimama, asilimia 10, na kiwango cha soko kijipange chenyewe kutokana na mfumuko:

```
=(1+B3)*(1+B2)-1
```

Hapa B3 ni kiwango halisi na B2 ni mfumuko. Hakikisha bei zote zinasoma seli hiyohiyo ya B2. Kisha zima kodi na madeni ya wateja kwa kuviweka sifuri, na ubadilishe mfumuko kutoka 8 kwenda 0, halafu kwenda 12. Thamani ya sasa neto ya mradi wetu lazima ibaki milioni 10.9 kila mara. Ikicheza, kuna namba iliyoandikwa kwa mkono mahali fulani badala ya kusoma B2, au kuna mstari uliokuzwa mara mbili. Fuatilia mstari mmoja mmoja hadi umpate mkosaji.

Ikishatulia, washa kodi tena. Sasa thamani inapaswa kubadilika, na kwa mwelekeo mmoja tu. Kwa mfumuko wa sifuri mradi wetu una faida ya milioni 1.4. Kwa asilimia 8 una hasara ya 2.5, na kwa asilimia 12 hasara ya 4.0. Jedwali lisiloonyesha mteremko huu linauchukulia uchakavu kana kwamba unapanda na bei. Washa na madeni ya wateja, mteremko uongezeke.

Ukiona thamani inapanda mfumuko unapopanda, tafuta kilichofungwa upande wa gharama. Mara nyingine sababu ni halali: kodi ya pango iliyowekwa kwa mkataba wa tarakimu zisizobadilika, au marejesho ya mkopo wa riba isiyobadilika kama unapima fedha za mwenye mradi pekee. Kama hakuna mkataba wa aina hiyo, kuna gharama iliyoachwa kwa bei za leo ndani ya jedwali la mwaka husika. Mara nyingi ni matengenezo makubwa ya mwaka wa tatu au wa nne, yaliyoandikwa kama namba moja iliyotoka kwa fundi na kupachikwa bila kukuzwa.